Akayesu na lile swali la pepa

Shosti Neema, mambo? Za nyumbani, mama anaendeleaje na mguu? Najua nimekaa kimya sana ila tangu uniambie umekosa simina na pepa ni wiki ijayo sijatulia, kwa hiyo nakuandikia lile swali la kutofautisha makosa matatu: mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita. Chukua kesi moja tu, ya Akayesu, hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda kule Arusha, ya 2 Septemba 1998.

Jamaa alikuwa mkuu wa komuni ya Taba, Rwanda. Mwanzoni alizuia fujo, halafu baada ya kikao na viongozi wa serikali Aprili 18, 1994 akageuka, kesho yake akahutubia watu Gishyeshye wawamalize wasaidizi wa Inkotanyi, yaani waasi wa RPF, na kila mtu pale alielewa ni Watutsi. Wanawake walibakwa kwenye eneo la ofisi yake ya komuni, askari wake wapo, yeye anajua.

Sasa ubakaji huohuo uupitishe kwenye makosa yote matatu. Kimbari: majaji waliuliza nia. Walengwa ni wanawake wa Kitutsi kwa sababu ni Watutsi, na lengo ni kuliangamiza kundi, lote au sehemu yake. Hapo wakasema ubakaji nao unaweza kuwa kimbari, si mpaka mtu afe. Nia yenyewe waliisoma kwenye maneno yake na mtiririko wa matukio, maana nani atakiri? Uhalifu dhidi ya binadamu: nia ya kuangamiza kundi haitakiwi. Inatakiwa shambulio pana au la kimfumo dhidi ya raia, na mshtakiwa ajue kitendo chake ni sehemu yake. Sheria ya mahakama ya Arusha iliongeza shambulio liwe la kibaguzi, Mkataba wa Roma, ule wa mahakama ya ICC, hautaki hilo isipokuwa kwa kosa la utesaji wa kibaguzi, usichanganye. Akapatikana na hatia zote mbili.

Uhalifu wa kivita akaachiwa!! Na hapa ndo wengi wanateleza, wanadhani hakukuwa na vita. Vita ilikuwepo, kati ya jeshi la serikali na RPF, majaji walikubali. Walichosema ni kwamba haikuthibitishwa kuwa yeye raia alikuwa wa jeshi au ametumwa rasmi kuunga mkono vita. Rufaa ya 2001 ikasema kigezo hicho ni kosa kisheria, raia yeyote anaweza kushtakiwa, mradi kitendo kihusiane na vita, lakini haikufuta kuachiwa kwake kwa kuwa mwendesha mashtaka hakuomba hilo. Kwangu mimi huo uhusiano na vita ndo kiini cha kosa la tatu, ukiandika "kulikuwa na vita" ukaishia hapo unapoteza maksi. Hata kimbari inaweza kutokea wakati wa amani kabisa, hiyo iandike.

Halafu ile ya Rutaganda, rufaa 2003, majaji wa rufaa walimtia hatiani kwa uhalifu wa kivita, ila hiyo nitakuelezea tukionana.

Unayo ile hukumu ya rufaa ya Akayesu au nikutumie? Baraka kakurudishia notsi zako? Na Jumamosi unakuja tusome wote au mama bado hawezi kubaki peke yake?

Wako,
Zuhura