Ati mwenge umeshaiva?

Oya mwanangu, mambo vipi huko?

Jana nimelala na lile neno lako, eti sarafu imetoa kichwa mara tano mfululizo kwa hiyo mwenge "umeshaiva", ukaweka buku mbili ukaliwa. Kuliwa sio ishu, hata ungekula bado hesabu yako ilikuwa mbovu.

Ngoja tuende taratibu. Kichwa tukiite K, mwenge M. Ukirusha sarafu mara sita kuna mipangilio 64 inayoweza kutokea, maana kila mrusho unazidisha mara mbili, na kama sarafu ni nzima yote ina nafasi sawa, 1 kwa 64. Wewe ulichowaza ni kwamba KKKKKK ni ngumu mno, 1 kwa 64, bora niende na mwenge. Sawa, ila KKKKKM nayo ni 1 kwa 64! Tena wakati unatoa hela vichwa vitano vilishatoka, ile mipangilio mingine 62 ilishakufa, imebaki hiyo miwili tu. Kwa hiyo nusu kwa nusu, kama mrusho wa kwanza kabisa.

Najua utaniambia "si mwishoni zinalingana?" Hapo ndo wengi tunapigwa aisee. Rusha tena mara 1000, tarajia kama 500 kila upande (inapishana kidogo, hata 30 sio ajabu). Jumla vichwa 505 kati ya 1005, yaani kama asilimia 50.2. Umeona? Asilimia imesogea nusu lakini vile vitano vya ziada hakuna aliyekuja kuvifidia, vimemezwa tu na wingi.

Kama huniamini chukua daftari urushe mara 200, na kila ikija KKK andika kilichofuata. Utapata kama mara 25 hivi, na M itakuwa karibu nusu, 10 au 15 usishtuke.

Ila kuna sehemu wazo lako linafanya kazi. Weka kwenye mfuko gololi 5 nyekundu na 5 nyeupe, utoe moja moja bila kurudisha. Zikitoka nyekundu tatu, ndani zimebaki nyekundu 2 na nyeupe 5, hapo weka hela kwenye nyeupe kwa sababu mfuko wenyewe umebadilika. Sarafu haina kinachopungua ndani yake, kichwa kipo kilekile na mwenge uleule.

Na siku kichwa kikitoka mara 20 mfululizo, kitu ambacho kwa sarafu nzima ni 1 kwa zaidi ya milioni moja, mimi ningeanza kuishuku sarafu na hela ningeweka kwenye kichwa, sio mwenge. Hivi ile ya yule jamaa uliigeuza ukaangalia upande wa pili?

Wako wa siku zote