Barua ya Kufunga Muhula: Ongezeko la Ada

28 Novemba

Ndugu Mzazi/Mlezi,

Salaam. Ripoti ya mtoto wako imeambatanishwa na barua hii. Naomba uisome, kisha urudi hapa, maana nina jambo zito la kukueleza.

Kuanzia siku ya kufungua shule, 12 Januari, ada itapanda kwa asilimia 12. Kwa kila 100 uliyokuwa ukilipa, sasa utalipa 112. Kati ya hizo 12 za nyongeza, 8 zitakwenda kwenye mishahara, 3 kwenye ukarabati wa paa la madarasa ya chini, na 1 kwenye mfuko wa kusaidia familia zilizokwama. Ada haijapanda kwa miaka 3, na pengo tulikuwa tukiliziba kwa akiba ya shule. Akiba hiyo imekwisha. Muhula huu walimu wawili wazuri wametuacha kwa sababu ya mshahara, na watoto wamekaa wiki tano bila mwalimu wa hisabati. Sitaki hilo lijirudie.

Najua kwa baadhi yenu habari hii imekuja wakati mgumu. Mzazi anayeweza kulipa yote ila si kwa mkupuo, aombe kulipa kwa awamu. Anayedaiwa 112 atalipa 28 siku ya kufungua, kisha 28 kila mwisho wa mwezi, Januari hadi Machi. Hakuna riba wala faini.

Aliyepoteza kazi, aliyefiwa na mwenzi wake au anayeuguza, aombe punguzo. Anaweza kubaki kwenye ada ya zamani kwa mwaka mzima au, hali ikiwa mbaya zaidi, kulipa nusu kwa muhula mmoja, kisha tutaitazama hali yake upya. Fomu iko kwa mhasibu. Ambatanisha barua ya kuachishwa kazi, cheti cha hospitali au uthibitisho mwingine ulio nao. Kama huna karatasi yoyote, njoo tuzungumze. Wapo wazazi wanaofanya vibarua ambao hakuna anayewaandikia barua, nami nalielewa hilo.

Fomu zirudishwe kabla ya 15 Desemba, na majibu mtayapata kwa maandishi kufikia 5 Januari. Tafadhali msichelewe. Mwaka jana wazazi kadhaa walinyamaza kwa aibu, wakaja katikati ya muhula mfuko ukiwa umeshagawanywa wote. Maombi yatasomwa na mimi, mhasibu na mjumbe mmoja wa bodi, basi. Mwalimu wa darasa hataambiwa. Na mtoto ambaye ombi lake bado linashughulikiwa hatarudishwa nyumbani kwa ajili ya ada.

Tarehe 6 Desemba, saa 4 asubuhi, tutakutana ukumbini. Mhasibu atakuja na hesabu za mwaka mzima, nanyi mtauliza lolote. Asiyeweza kufika siku hiyo atanikuta ofisini kila asubuhi hadi tarehe 15.

Wenu,
Mkuu wa Shule