Kwa nini krispi zinabadilika rangi kabla hazijakauka

Wiki iliyopita mteja aliyenunua kwetu kikatio cha viazi alituletea krispi zake kwenye mfuko. Zilikuwa za kahawia iliyokolea, chungu kidogo, na katikati bado zinapinda kama ngozi. Alidhani wembe wa kikatio haukati wembamba wa kutosha. Tulipima vipande vyake vibichi tukakuta vina milimita moja na nusu, kipimo kizuri kabisa. Kosa lilikuwa kwingine, na kwa kuwa swali hili tunaulizwa mara nyingi, tumeona tulieleze hapa kwa nafasi.

Tulianza kwa kumuuliza viazi alivihifadhi wapi. Akasema kwenye friji, wiki mbili. Kiazi kikikaa kwenye baridi, sehemu ya wanga wake hugeuka sukari, na sukari hiyo ndiyo inayofanya kipande kiwe cheusi kwenye mafuta kabla maji hayajaisha ndani. Hata ukisuuza mara kumi hutaimaliza, kwa sababu imo ndani ya kiazi, haiko juu. Kabla ya kukata kilo nzima, kaanga vipande vitatu tu. Vikiwa vya kahawia huku mapovu bado yanachemka kwa nguvu, viazi hivyo vina sukari nyingi. Viweke mahali pakavu penye giza, kwenye joto la kawaida la chumba, kwa wiki mbili au tatu, kisha ujaribu tena. Mara nyingi hurudi kuwa vizuri, ingawa si vyote.

Kusuuza kuna kazi yake nyingine. Wembe unapopita hupasua chembe za kiazi, na wanga unamwagika juu ya kipande. Usipoutoa, vipande hugandana kwenye mafuta na unga unaobaki huungua chini ya sufuria na kuchafua mafuta ya awamu zinazofuata. Tumia maji baridi, kwa sababu wanga ukikutana na maji ya moto huiva ukawa gundi. Vuruga vipande kwa mkono, mwaga maji meupe, weka mengine, rudia mpaka uone kitako cha bakuli wazi. Kwa kawaida ni mara tatu au nne.

Kisha kausha, na hapa ndipo watu wengi hufanya haraka. Vichuje kwanza, halafu uvitandaze juu ya kitambaa safi bila kulaliana na uvikandamize kwa kitambaa kingine. Kipande kinachong'aa kwa maji hakijawa tayari. Maji ya juu hurusha mafuta, na zaidi ya hapo yanakula joto ambalo lingekausha kiazi chenyewe. Kiazi kina maji asilimia 80 hivi, kwa hiyo mafuta tayari yana kazi kubwa bila kuongezewa.

Sasa mafuta. Mteja wetu aliweka kilo nzima kwa pamoja kwenye lita mbili. Joto likaporomoka, vipande vikanywa mafuta. Alipoona mapovu yamelegea akaongeza moto, na maji yalipopungua joto likapanda ghafla na kuunguza kingo. Kwa lita mbili, sisi huweka gramu 100 hadi 150 kwa awamu. Tunaanza kwenye nyuzi 170 hadi 175, joto linashuka kidogo, na moto unarekebishwa lisipite 175 mwishoni. Kama huna kipimajoto, kinunue. Kukisia kwa kutupa kipande kunakuambia mafuta yamepata moto, lakini hakukuambii kama yamepita kiasi. Na yakianza kutoa moshi, zima jiko na usiyaache peke yake.

Geuza vipande kwa kijiko cha matundu. Mapovu unayoyaona ni maji ya kiazi yakitoka kama mvuke. Yakipungua hadi machache yanayotoka pembeni, krispi zimekauka, hata kama bado ni za manjano hafifu. Zitoe hapo hapo. Usisubiri rangi! Zitakuwa laini kidogo kwa sekunde chache kisha zitakauka zikipoa. Nyunyiza chumvi zikiwa bado za moto, na usizifunike wala kuzifunga kabla hazijapoa kabisa, maana mvuke utazilainisha.

Yule mteja alirudi nyumbani akajaribu viazi ambavyo havijawekwa frijini, gramu 120 kwa awamu. Tulichoona aliporudi: manjano ya siagi, pembe zimekunjamana, zinavunjika kwa sauti. Kikatio chake hakikuguswa.