Tovuti ya Kiswahili inafunguka kwa Kiingereza? Kagua sehemu mbili kwenye Chrome

Juzi mama mmoja mwenye gesti alikuja dukani na kompyuta mpakato yake, na hasira zake. Tovuti ya gesti imeandikwa kwa Kiswahili, lakini kwake ilikuwa inafunguka kwa Kiingereza kitupu, na pale palipoandikwa kwamba wageni wanapokelewa kuanzia saa 8 mchana pakawa panasomeka "8 p.m." Alishagombana kwa simu na kijana aliyemtengenezea, akiamini ameibadilisha kimyakimya. Kilichomchanganya zaidi ni kwamba kwenye simu yake tovuti ileile ilikuja kwa Kiswahili kama kawaida.

Kabla ya kugusa mipangilio yoyote tulibonyeza Ctrl+U. Vitufe hivyo hufungua msimbo wa ukurasa kama ulivyotoka kwenye seva, kabla Chrome haijatafsiri chochote. Katikati ya zile alama tukaona wazi: "kuanzia saa 8 mchana". Basi tovuti haikuguswa na kijana wa watu alionewa bure. Aliyetafsiri ni brauza ya mama mwenyewe. Akakumbuka kwamba mwanawe alipokuwa likizo aliitumia ile kompyuta, kikatokea kidirisha juu, naye akawa anabofya tu ili kiondoke. Mojawapo ya alivyobofya ni Always translate Swahili, na tangu siku hiyo kila ukurasa wa Kiswahili ulikuwa unageuzwa.

Tumeona tatizo hili mara nyingi, na wengi hulitafutia dawa mahali pasipo. Ndani ya Chrome lugha ina milango miwili tofauti. Wa kwanza ni lugha unazopendelea, ambazo brauza huitajia tovuti inapoomba ukurasa. Wa pili ni tafsiri, yaani kile ambacho brauza inaufanyia ukurasa ukishafika. Ukirekebisha mmoja ukauacha mwingine, utaona kama mashine inakukaidi.

Yote miwili inapatikana mahali pamoja. Kwenye kompyuta andika hivi pale pa anwani, kisha bonyeza Enter:

```
chrome://settings/languages
```

Juu utaona Preferred languages. Kama Kiswahili hakimo, bofya Add languages, tafuta Swahili, kiongeze. Kisha bofya vidoti vitatu vilivyo mbele yake ukipandishe hadi juu kabisa, maana mpangilio wa orodha hii ndio ujumbe wenyewe. Tovuti inapata mstari unaofanana na huu:

```
Accept-Language: sw,en;q=0.9
```

Maana yake: nipe Kiswahili, ukikosa nipe Kiingereza. Tovuti yenye matoleo mawili na iliyotengenezwa kusoma mstari huo itakuletea lile la Kiswahili, lililoandikwa na mtu. Isiyo na toleo la Kiswahili itakuletea lugha iliyo nayo tu, na hapo orodha hii haina cha kufanya. Zipo pia tovuti zisizojali orodha hii hata kidogo. Wikipedia hufuata anwani: ukifungua sw.wikipedia.org unapata Kiswahili, ukifungua en.wikipedia.org unapata Kiingereza, brauza yako iwe na mpangilio wowote. Huduma za Google nazo, ukiwa umeingia kwenye akaunti, hufuata lugha uliyoichagua ndani ya akaunti.

Shuka chini kidogo kwenye ukurasa huohuo wa mipangilio, utakuta sehemu ya Google Translate. Hapo kuna mambo matatu ya kuangalia. Translate into this language ni lugha ambayo kurasa zitageuzwa kwenda. Automatically translate these languages ni zile zinazogeuzwa bila kuulizwa. Never offer to translate these languages ni zile ambazo Chrome inaziacha kama zilivyo.

Kwa mama wa gesti tuliitoa Swahili kwenye orodha ya kugeuza bila kuuliza, tukaiweka kwenye ile ya kuacha. Tukafungua tovuti upya, Kiswahili kikarudi. Kwa kuwa Kiingereza anakisoma vizuri, nacho tukakiweka kwenye ya kuacha. Sasa ukurasa wa Kichina wa muuza mashuka bado unamletea swali la kutafsiri, ila lugha zake mbili haziguswi.

Kwenye simu ya Android njia ni vidoti vitatu vya Chrome, kisha Settings, kisha Languages. Ukitaka kutafsiri ukurasa mmoja tu, usiende huko. Gusa vidoti vitatu halafu Translate. Utaona ukanda wenye majina ya lugha mbili, na kurudi kwenye lugha ya asili ni kugusa jina lake.

Wapo wateja wanaotaka kinyume chake: kila ukurasa wa Kiingereza uje kwa Kiswahili. Inawezekana. Weka Swahili kwenye Translate into this language, kisha ongeza English kwenye zile za kugeuza bila kuuliza. Kwa kusoma habari au maelezo ya dawa ya mifugo kwa juu juu, inafaa. Kwenye fomu za maombi, benki na mikataba sisi hatushauri. Neno la kisheria likikosewa hutajua, na orodha za kuchagua ndani ya fomu zinaweza kubadilishwa majina mpaka usijue umechagua nini. Ukiwa kwenye tovuti ya namna hiyo, bofya alama ya tafsiri pale pa anwani, kisha vidoti vyake, uchague Never translate this site. Tovuti hiyo tu itaachwa. Na usishangae ukurasa ukija nusu nusu: maandishi yaliyo ndani ya picha hayatafsiriwi kwa njia hii.

Saa ndiyo inayotutia hofu kuliko yote. Saa 8 yetu ya mchana ni 14:00, na mashine ikiichukua tarakimu kama ilivyo, mgeni anayesoma kwa Kiingereza anajipanga kufika usiku. Kwa upande wa pili, "8 a.m." ikigeuka "saa 8" mtu anaweza kukosa miadi ya asubuhi. Ukiona saa kwenye ukurasa uliotafsiriwa, rudi kwenye lugha ya asili uisome huko. Mama wa gesti tulimshauri aandike "saa 8 mchana, yaani 14:00", na amefanya hivyo.

Kama nawe una tovuti ya biashara, mwambie fundi wako ataje lugha ya ukurasa na alilinde jina la duka. Neema au Amani ni maneno ya kawaida, na mashine inaweza kuyatafsiri yakatoka "Grace" na "Peace", mteja akatafuta duka lisilokuwepo. Inatosha hivi:

```
<html lang="sw">
<span translate="no">Gesti ya Amani</span>
```

Mpangilio wa lugha kwenye simu tunafanya bure ukipita dukani, na kwenye kompyuta ni shilingi 3,000. Hatuhitaji nywila yako ya kitu chochote. Njoo na anwani ya ukurasa unaokusumbua, maana tunaanza kwa kuufungua huo, na Ctrl+U.