YAH: Malalamiko kuhusu anga la zamani lililobaki dimbwini na madirishani

Ndugu Meneja,

Husika na somo tajwa hapo juu. Picha ya jengo niliyowakabidhi muihariri niliipiga mara tu mvua ilipokatika, anga likiwa la kijivu. Niliomba anga hilo libadilishwe liwe la machweo, na pia parekebishwe kila mahali lilipoakisiwa. Anga lenyewe mmelibadilisha vizuri; hata matawi ya mti hayana ule ukingo mweupe unaoachwa na kazi ya haraka. Kinachonisikitisha ni dimbwi na madirisha.

Mara ya kwanza dimbwi lilirudi na kijivu chake kilekile, chini ya anga la rangi ya chungwa. Nilipolalamika, fundi wenu aliligeuza anga jipya kwa Flip Vertical, akalibandika juu ya dimbwi zima. Taswira ya jengo iliyokuwa majini ikafutika, na wingu lililo juu kidogo ya paa likatokea kwenye ukingo wa maji ulio karibu kabisa na kamera. Hilo haliwezekani, kwa sababu maji yaliyotulia huakisi kwa kufuata upeo wa macho: mahali palipo nyuzi 10 chini ya upeo huonyesha kilicho nyuzi 10 juu yake. Anga lilipaswa kugeuziwa kwenye mstari wa upeo, nyuma ya taswira ya jengo, na ule ukingo wa karibu ulihitaji anga la juu zaidi, ambalo huenda limekatwa na fremu. Tena hapo karibu, ambapo maji yanatazamwa kwa kuinama, taswira hufifia na lami ya chini huanza kuonekana. Ninyi mmeipa mng'ao uleule wa mbali.

Madirisha yameharibika zaidi. Jua mmeliweka nyuma ya jengo, ilhali vioo vya mbele vinaitazama kamera, na kioo cha namna hiyo huonyesha anga lililo nyuma ya mpiga picha, ambalo saa hiyo huwa la buluu iliyofifia. Ninyi mmebandika humo jua lilelile, kwa hiyo jengo langu sasa linachwewa pande zote mbili! Isitoshe, wingu limepita kutoka kioo hadi kioo bila kukatika hata kidogo, wakati vioo halisi havikai sawasawa na kila kimoja huisogeza taswira kivyake.

Kwa hiyo naomba madirisha yarudishwe kama yalivyokuwa kwenye picha ya awali, kisha yapunguzwe mwanga na kutiwa buluu hafifu tu, bila kubandikwa anga lolote. Dimbwi lifanywe upya likiwa na taswira ya jengo mahali pake. Naomba pia faili la PSD lenye matabaka yake, ili niweze kukagua mstari uliotumika kugeuzia. Iwapo kazi hii haiwezekani, nirudishiwe malipo yangu yote.

Wenu,
Mteja