Ubeti wa marehemu baba yako

Ujiji, Kigoma
Jumapili jioni

Rafiki yangu,

Salamu kutoka huku, sote wazima. Ubeti wa marehemu baba nimeupata, pamoja na maelezo uliyowaandikia wanao. Nimekaa nao tangu alasiri. Nauandika tena hapa tuutazame pamoja:

Si wimbi lilo na povu, lizamishalo chombocho,
Bali ufa mtulivu, usioonwa kwa jicho,
Nahodha kawa mvivu, maji yaja hana kicho,
Chazamia nchi kavu, watu wakitoa macho.

Mstari wa kwanza umeandika, "Wimbi kubwa halizamishi chombo hicho." Baba hakusema kubwa, alisema lenye povu: wimbi unaloliona likija na kulisikia. Ukiliondoa povu, utulivu wa ule ufa hauna tena cha kupambana nacho. Na "chombocho" si chombo hicho, ni chombo chako, kama "mwanao" alivyo mwana wako. Angetaka chake angesema "chomboche". Silabi hiyo moja ndiyo inayotuambia kuwa nahodha wa mstari wa tatu ni huyo huyo anayeambiwa. Mzee anamsema mtu usoni.

Hapo kwa nahodha umeandika "hakuwa mvivu", maana ikapinduka. "Kawa" ni "akawa", a imemezwa ili mizani iwe minane. Hesabu mwenyewe: ukiweka "hakuwa" inakuwa tisa. Ndiyo maana mimi huanza kwa kuzirudisha silabi zilizomezwa kabla sijagusa maana. "Hana kicho" nalo umelifanya "hana kitu". Kicho ni hofu, linatokana na kucha, lile tunalolisikia katika "mcha Mungu".

Mstari wa mwisho ndio uliniuma. Umeandika, "Ndoa huvunjika hadharani." Kweli, "nchi kavu" inatuonyesha kuwa chombo hiki si mtumbwi, maana mtumbwi hauzami nchi kavu. Lakini ukishaandika ndoa, umeufungia nje ukoo, na duka la familia, na chochote alichokuwa nacho moyoni. Kwenye nathari chombo kibaki chombo. Ndoa waelezee wanao pembeni, wakishauelewa ubeti.

Mimi ningeandika hivi: "Kinachozamisha chombo chako si wimbi lenye povu, bali ni ufa uliotulia, usioonwa kwa jicho. Nahodha amekuwa mvivu. Maji yanakuja naye hana hofu. Chombo kinazamia nchi kavu, huku watu wakitoa macho."

Hayo macho nimeyaacha kama yalivyo. Huenda watu wanashangaa, huenda wameshindwa kusaidia; mzee hakusema, nami sikutaka kumsemea.

Beti zilizobaki kwenye daftari lake zinakili unitumie. Nataka kuona kama kuna mahali anamtaja huyo nahodha kwa jina.

Wasalimie wanao.

Ni mimi rafiki yako.