Mfumuko ukishuka, bei hazijashuka

Ndugu Mhariri,

Gazeti lenu nimelisoma miaka mingi bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini kile kichwa cha habari cha wiki iliyopita, "Bei za bidhaa zashuka", kimenishinda. Taarifa yenyewe, kama mnavyokumbuka, ilisema mfumuko wa bei wa mwaka umepungua. Haikusema popote kwamba bei zimeshuka. Hilo mmelipika wenyewe. Jumamosi nikamkuta mteja hapa Kirumba, gazeti lenu mkononi, anamwita mwenye duka mwizi kwa sababu mafuta ya kupikia yako bei ileile. Mwenye duka hakuwa na kosa lolote. Wenye kosa ni ninyi mlioandika kile kichwa.

Mfumuko wa bei ni mwendo wa bei, si urefu wake. Pikipiki inayopanda mlima wa Bugando ikipunguza mwendo, bado inapanda. Ofisi ya Taifa ya Takwimu, NBS, inachukua gharama ya kapu la bidhaa na huduma mwezi huu, inailinganisha na gharama ya kapu lilelile mwezi kama huu mwaka jana, kisha inatangaza tofauti kwa asilimia. Asilimia ikitoka 5 kwenda 3, kapu limepanda bei tena, ila kwa hatua fupi. Ili mseme bei zimeshuka, tarakimu hiyo lazima iwe chini ya sifuri.

Tuchukue miaka ambayo wasomaji wengi wanaikumbuka. Desemba 2011 mfumuko wa bei Tanzania ulifika asilimia 19.8. Desemba 2012 ulikuwa 12.1, na Desemba 2013 ukawa 5.6. Kwa mtindo wenu, hapo mngeandika "nafuu" mara mbili mfululizo. Sasa wekeni kapu lililogharimu shilingi 100,000 Desemba 2010. Mwaka mmoja baadaye ni 119,800. Zidisheni kwa 1.121 mpate takriban 134,300, kisha kwa 1.056 mpate takriban 141,800. Katika ile miaka miwili ya "nafuu" mama wa nyumbani ameongezewa shilingi 22,000 juu ya kapu lilelile, na hakuna hata senti iliyorudi.

Kwa nini haikurudi? Mwaka 2011 chakula kilipanda, mafuta yalipanda katika soko la dunia, shilingi ikadhoofika, na mgao wa umeme ukawalazimisha wenye viwanda kuwasha majenereta ya dizeli. Mvua zilirejea na umeme ukapatikana, lakini kufikia hapo nauli, kodi za nyumba na mishahara vilikuwa vimeshapanda kufuata bei mpya. Hakuna mwenye nyumba Nyamanoro anayempunguzia mpangaji kodi eti mahindi yameshuka. Gharama hizo ndizo zinazoingia katika bei ya kila kitu kinachofuata, na bei inajenga sakafu mpya pale ilipofika.

Hapa pia ndipo waandishi wenu wanapochanganya mambo mawili. Dagaa hupanda bei mbalamwezi ikiwa kali, kwa sababu taa za wavuvi haziwavuti vizuri na mitumbwi mingi hubaki ufukweni. Giza likirudi, dagaa wanamwagika soko la Mwaloni na bei inalegea. Huo si mfumuko wa bei. Ni bei ya kitu kimoja inayopanda na kushuka kwa uhaba wake, na mtu anayetumia zaidi kwa dagaa wiki hiyo anapunguza kwingine. Ili bei za karibu kila kitu zipande pamoja, mwaka baada ya mwaka, lazima kuwe na fedha inayoongezeka kuliko bidhaa zinazoongezeka. Uhaba wa msimu au mafuta ghali vinaweza kuusukuma mfumuko kwa mwaka mmoja au miwili. Haviwezi kuubeba miaka kumi.

Na sisi tuna ushahidi wetu wa hilo, hatuna haja ya kuazima mifano ya Zimbabwe kama mlivyofanya. Miaka ya 1980 mfumuko wetu ulizunguka asilimia 30, kiwango ambacho bei inajirudia maradufu kila baada ya miaka isiyozidi mitatu. Serikali ilikuwa ikiziba pengo la bajeti kwa kukopa Benki Kuu, mashirika ya umma yenye hasara yakilishwa mikopo ya benki, huku viwanda vikikosa fedha za kigeni za kununua vipuri. Fedha nyingi, bidhaa chache. Hata bei elekezi za serikali hazikusaidia. Ziliondoa sabuni na sukari rafuni zikazipeleka ulanguzini. Mwaka 1995 sheria ikaipa Benki Kuu jukumu kuu la kulinda uthabiti wa bei, mikopo ile ikabanwa, na kufikia mwaka 1999 mfumuko ulikuwa chini ya asilimia 10. Alama ya miaka ile iko katika noti. Mwaka 1966 noti yetu kubwa kuliko zote ilikuwa ya shilingi 100. Leo hiyo ni sarafu, na noti kubwa ni ya 10,000. Na msidhani asilimia ndogo haina meno: kwa asilimia 5 kila mwaka bei inafika maradufu katika miaka 14 hivi, kwa asilimia 3 katika miaka 23 na ushei.

Jambo jingine ambalo hamjawahi kuliandika ni nani yumo ndani ya kapu. Katika kapu linalotumika tangu fahirisi ya bei iwekewe msingi wa mwaka 2020, chakula na vinywaji visivyo na kilevi vina uzito wa asilimia 28.2. Hiyo ni wastani wa nchi nzima. Kaya ya Igoma inayotumia shilingi 60 katika kila 100 kwa chakula haiishi kwenye wastani huo. Chakula kikipanda kwa asilimia 10 na vingine vyote kwa asilimia 1, kapu la taifa linapanda kwa karibu 3.5, la kaya ile kwa 6.4. Tarakimu iliyotangazwa ni sahihi, na mama wa Igoma naye yuko sahihi.

Na tukiwa hapo hapo, hivi vipimo vya sokoni mtaviandika lini? Bei ya sado ya dagaa inaweza kubaki ileile mwaka mzima wakati kitako cha sado kimegongwa kuelekea juu. Mche wa sabuni uliokuwa gramu 1,000 ukipunguzwa hadi 900 kwa bei ileile, umepanda kwa asilimia 11, na mnunuzi hana habari. Wakulima wa vitunguu nao wanapunjwa kwa lumbesa, ambayo Wakala wa Vipimo wameipiga marufuku hadi wamechoka, na bado malori yanapita na magunia yenye vilemba.

Pendekezo langu ni dogo. Nunueni mizani. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi mtumeni mwandishi mmoja, yuleyule, Mwaloni na Soko Kuu, apime kilo moja ya dagaa wakavu, ya mchele, ya unga wa sembe na ya sukari, pamoja na mche wa sabuni kwa gramu zake. Chapeni bei hizo kwa kilo pembeni ya asilimia ya NBS, na bei za mwezi kama huo mwaka jana chini yake. Mizani ikiwashinda gharama, nitachangia betri.

Msomaji wenu,
Kirumba, Mwanza